Mshitiri wa Simu

Ukitaka kuzijua tabia za waja upesi, tangaza mashine ya boti kwenye simu. Yangu ni ya farasi 15, niliitangaza hapa Kilwa Masoko kwa shilingi 2,500,000, na wanaoitamani hawahesabiki, ila aliyenipa senti moja hajazaliwa.

Bwana mmoja wa Lindi astahili kuelezwa kwa urefu, maana katika fani hii ni bingwa. Alinisalimu kwa taadhima, akauliza kama mashine bado ipo, na kabla sijajibu akauliza mwisho ngapi. Nikashusha hadi 2,300,000. Akashukuru, akaomba video. Sasa, mashine ya boti haiwashwi nchi kavu, kwani pasipo maji pampu yake huungua; basi nikaazima pipa, nikalijaza maji, nikaitumbukiza, nikachoma petroli yangu na oili yangu, nikampigia picha ya tundu likitema maji ya kupooza, ambayo ndiyo dalili ya kwamba pampu ni nzima. Akajibu: "Mashaallah, kaka. Rangi hiyo ni ya kiwandani?"

Kesho yake akaomba video ya pili, eti shemeji yake hakuwapo alipoitazama ya kwanza. Kisha akataka 2,200,000, kisha tangi la mafuta liwe bure, kisha nauli yake ya basi hadi Nangurukuru ikatwe katika bei. Nikaridhia yote, naye hapo ndipo alipotoweka.

Aliporejea alikuwa akingoja fedha za ufuta. Udhuru huu ni mgumu kuupinga, kwa sababu una ukweli ndani yake: huku kwetu ufuta huuzwa mnadani kupitia vyama vya ushirika, na mkulima hupata chake baada ya mnada, si siku anayofikisha mzigo ghalani. Ufuta ukaisha, akahamia korosho, ambazo minada yake ni ya kuanzia Oktoba. Nilipomwuliza shamba lake liko wapi, akasema yeye hana shamba. Mwenye mikorosho ni yule shemeji.

Masoko ya zamani yalikuwa na kinga yake: Ibn Batuta, kabla ya kufika Kilwa mwaka 1331, alikuta Mogadishu kila mfanyabiashara mgeni akishukia kwa mwenyeji wake, ambaye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, na mapatano ya bei ya kupunja, au yaliyofanywa mwenyeji asipokuwapo, yakihesabiwa batili. Soko la simu halina mwenyeji wa namna hiyo. Lina arubuni tu. Mwenye nia huuliza mashine iko wapi na aje lini na fundi wake. Asiye nayo, ukimtajia arubuni, simu yake huisha chaji papo hapo.

Kwa hiyo, msomaji, mashine ni 2,200,000 bila tangi, arubuni ni shilingi 50,000, nami siamini ujumbe wa malipo mpaka nitazame salio langu mwenyewe. Video ya tatu haipo.