Jinsi ya Kuikwamisha Kompyuta ya Mbali kwa Hatua Nne

Mwongozo huu ni wa mtu anayefungua kompyuta ya ofisini akiwa nyumbani, kwa VNC, na kuona mambo yanakwenda vizuri kupita kiasi. Akizifuata hatua hizi bila ubishi, herufi zitaota ukungu na kila anachobofya kitajibiwa baada ya kukisahau.

Kwanza mfahamu unayepambana naye. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikibeba baiti 4, ni baiti 8,294,400. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, picha moja isiyobanwa ingetumia karibu sekunde 7 njiani. Ndiyo maana seva hutuma vipande vilivyobadilika tu, na kila kipande hukibana kwa njia inayodhani inakifaa. Inadhani, haijui. Barua na filamu kwake ni pikseli tupu. Kazi yako ni kuipotosha.

Hatua ya 1: Yapambe maandishi. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe ni mteremko kwa seva. Mbano uitwao ZRLE huikata picha katika vigae vya pikseli 64 kwa 64. Kigae chenye rangi mbili tu hakihitaji baiti 4 kwa kila pikseli. Biti moja inatosha kusema hii nyeusi, hii nyeupe. Baiti 16,384 zinashuka hadi kama 520, kisha zinabanwa tena kwa zlib, na hakuna hata nukta inayopotea. Usikubali. Weka mandhari ya machweo nyuma ya maandishi, na uwashe ulainishaji wa kingo za herufi unaotumia rangi. Kila herufi itazungukwa na vivuli vya kila namna, na rangi zikizidi 16 katika kigae kimoja, ujanja huo wa biti chache kwa kila pikseli hauwezekani tena.

Hatua ya 2: Cheza video, tena skrini nzima. Hapa karibu kila pikseli hubadilika mara 24 au zaidi kwa sekunde, na rangi ni maelfu. Seva yenye mbano wa Tight huhamia JPEG, inayotupa yale ambayo jicho halitayakosa haraka. Lakini kila picha hubanwa peke yake, kana kwamba iliyotangulia haikuwapo. Mbano wa video kama H.264, ambao RDP ya Windows inaweza kuutumia, hukumbuka picha iliyopita na kutuma tofauti tu. Kwenye VNC utaona watu wakiruka kutoka pozi hadi pozi, kwa sababu programu ya kutazamia huomba picha mpya kadiri inavyomudu, na zilizopita katikati hazitumwi kabisa.

Hatua ya 3: Shusha ubora wa JPEG hadi mwisho, kisha soma mkataba. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuieleza kwa mawimbi ya rangi. Uso wa mtu unatosheka na mawimbi mapana. Ukingo mkali wa herufi unadai mawimbi membamba, na hayo ndiyo yanayotupwa kwanza. Utakaloliona ni vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi, na 3 inayofanana na 8. Ukiliona vumbi hilo, basi maandishi yako yamebanwa kama picha.

Hatua ya 4: Teremsha ukurasa kwa fujo. Ukurasa ndani ya dirisha la pikseli 1920 kwa 1000 ukipanda pikseli 100, tisa ya kumi ya yaliyomo tayari yako kwenye skrini yako. Amri ya CopyRect husema tu "chukua pale, weka hapa" kwa baiti 16, na ukanda mpya wa chini ndio unaobanwa. Hilo lahitaji seva itambue kuwa kitu kimesogea. Kivinjari cha siku hizi mara nyingi huichora picha yote chenyewe na kuikabidhi imekamilika. Seva isipochunguza zaidi, huona dirisha zima limebadilika na kubana mara kumi zaidi. Washa uteremshaji laini, ili msogeo mmoja ugawanywe katika misogeo midogo mingi. Kwa dakika hiyo, barua yako imekuwa filamu.

Tahadhari. Yapo yatakayoharibu juhudi zako zote: mandhari ya rangi moja, uteremshaji laini uliozimwa, video inayochezwa kwenye mashine iliyo mbele yako, na, kwa wenye TigerVNC wanaosoma maandishi tu, amri inayopiga JPEG marufuku:

```
vncviewer PreferredEncoding=ZRLE AutoSelect=0 NoJPEG=1
```

Anayeyafanya hayo atasoma mkataba wake hadi mwisho, na asitusingizie sisi.