Namna ya Kuuziwa Gunia Lililojazwa Upya Bila Kupoteza Heshima

Mvua za Novemba zinakaribia, na wewe, mtu wa Katuba mwenye shamba nje kidogo ya mji, unatafuta urea ya bei ya kindugu. Umefika penyewe. Nifuate.

1. Penda bei kwanza. Muuzaji akikuita Papa, vimba kidogo, lipa. Usijiulize magunia matupu ya wale wanaouza mbolea meka kwa meka huwa yanaishia wapi.

2. Piga picha ya kumtumia shemeji, wewe mbele, gunia nyuma, mdomo wa gunia usionekane. Huo mdomo una maneno mengi. Mashine ya kiwandani hushona mnyororo ulionyooka, hatua sawa kwa sawa, na ncha ya uzi hubaki ikining'inia pembeni. Anayefungua na kushona tena huacha safu ya matundu yasiyo na uzi, kwa sababu sindano ikishasukuma nyuzi za plastiki, hazirudi vizuri mahali pake. Mjanja hukunja mdomo ayafiche. Basi gunia linakuwa fupi na maandishi ya juu yanamezwa na mshono. Jua la asubuhi likipiga kutoka ubavuni, kila tundu hutoa kivuli na picha ya karibu hulinasa. Kwa hiyo washa taa ya simu, imulike uso kwa uso. Kila kitu kitalainika, hata wewe.

3. Namba ya toleo na tarehe zipige kutoka mbali, uzitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ibanwe mpaka 3 na 8 ziwe ndugu. Ukisogea utaona mstari mweupe umekata tarakimu: gunia tupu lilikunjwa, likalaliwa na wenzake, wino ukachubuka kwenye mkunjo. Gunia lililojaa tangu kiwandani lilikunjwa lini hivyo?

4. Kwa chakula cha kuku, usiguse kile kikaratasi kilichoshonewa mdomoni. Kikiwa na safu mbili za matundu, kimeshonwa mara mbili. Mwambie mama watoto ni urembo.

Ila nisikudanganye, kazi hiyo nimwachie muuzaji: fundi mwenye mashine ya mkononi na subira anaweza kupitisha uzi safi, na hapo picha haina la kusema. Urea halisi ina nitrojeni asilimia 46. Hiyo huonekana maabara, si kwenye simu.

5. Januari, mahindi yakianza kuwa njano majani ya chini, kutoka ncha kurudi katikati ya jani, laumu mvua kwa sauti.

6. Siku ya kulifungua gunia, usilikate kwa kisu. Vuta uzi polepole, na likiisha lipanguse, ulirudishe kwa yule yule bwana. Matupu ananunua, tena yenye tarehe inayosomeka huyalipa vizuri.