Mara Mbili ya Nini?

Kikundi chetu cha kwaya hapa Mwananyamala huimba harusini kwa malipo ya pilau, tena la uhakika. Harusi ya juzi ilikuwa ya mtoto wa jirani, wimbo mpya, na maneno yake yalichapwa steshenari moja huku foleni ya wanaotaka fotokopi ya vitambulisho ikimpumulia kijana wa watu kisogoni. Kiitikio kikatoka hivi:

```
Tokeni nje tumpokee,
Mwali ameshafika,
Shangwe na vigelegele x2
```

Mara mbili ya nini? Sauti ya kwanza walirudia mstari wa mwisho, maana alama imekaa hapo. Sauti ya tatu walirudia mistari yote. Sisi wa besi tunaongozwa na karani mstaafu, ambaye husoma kila karatasi kama mkataba wa kiwanja. Kwake, kuimba ni mara moja na kurudia ni mara mbili, jumla tatu. Bibi harusi akasimama mlangoni akingoja tupatane.

Beti ya kwanza ilipoisha, neno “Kiitikio” lilikuwa limechapwa palepale, mwisho wa mstari, kwa herufi zilezile. Mwenzetu mmoja akaliimba. Kusema haki aliliimba vizuri, silabi zake tano zikakaa kwenye mapigo, na shangazi wa bwana harusi akalipigia kigelegele.

Balaa lenyewe lilikuwa kwenye daraja. Kipande hicho kina tuni yake na hupita mara moja tu, kabla ya kiitikio cha mwisho. Kwenye karatasi kiliitwa “Beti ya 3”, nasi tukakiimba kwa tuni ya beti. Tuni ikaisha, maneno yakabaki, na mpiga kinanda keshatangulia peke yake.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu akaipanga upya:

```
[KIITIKIO]
{Tokeni nje tumpokee,
Mwali ameshafika,} x2
Shangwe na vigelegele.
```

Sasa mabano yanaonyesha marudio yanaanzia wapi na kuishia wapi, na x2 ni jumla ya mara mbili, karani apende asipende. Jina la kipande lina mstari wake, herufi kubwa, ndani ya mabano ya mraba, na nafasi tupu juu yake. Hakuna atakayeliimba tena. Kiitikio kinaandikwa chote mara moja, kisha panapohitajika linawekwa jina tu. Lakini safari ya mwisho “ameshafika” inageuka “tumeshampata”, kwa hiyo hapo kimeandikwa kizima, [KIITIKIO CHA MWISHO]. Nalo [DARAJA] halina namba, lisije likadhaniwa beti.

Ukitumwa kuchapa wimbo, kabla ya kutoa nakala mpe karatasi mtu asiyeujua akusomee kwa sauti, marudio yakiwemo. Akikwama, usilipe kwanza.