Meseji kwa Bosi, Kutoka Wodi ya Majeruhi

"Shikamoo bosi." Hapo ndipo nilipofika, na hapo sina wasiwasi napo. Kinachonitoa jasho ni kinachofuata.

Nimelala chali, mguu wa kulia umefungwa piopii kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti, na simu niliyo nayo ni kitochi. Wenye simu za kupangusa hawajui shida ya kuandika barua kwa namba. Herufi S unabonyeza 7 mara nne. Neno "bosi" peke yake linanidai mibonyezo 12, nami nimeshalifuta na kuliandika tena kwa sababu limetoka "bopi". Tena meseji moja ina nafasi ya herufi 160 tu. Ukizidisha, mtandao unaikata vipande na kila kipande kinalipiwa, kwa hiyo adabu yenyewe ina bei. Shikamoo, habari za safari, poleni na majukumu, mama hajambo? Ukimaliza hapo zaidi ya theluthi ya meseji imekwenda na mguu haujavunjika bado.

Nikajaribu kufupisha: "Shikamoo bosi. Nimeanguka nimevunjika mguu nipo hospitali." Nikaisoma kwa jicho la bosi, maana mlinzi akikaa muda mrefu na bosi hujifunza kufikiri kama yeye. Swali lake la kwanza halitakuwa mguu. Litakuwa: "Geti ulimwachia nani?"

Nikaongeza: "Geti nililifunga." Sasa inasomeka kama nilifunga geti nikaenda kutembea. Nikaongeza tena: "Nilikuwa macho." Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Mlinzi anayejitetea kuwa alikuwa macho kabla ya kuulizwa ameshakiri kuwa alilala. Nikafuta.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Bosi ana nyumba za wapangaji, na mimi ni askari wao wa usiku. Maji ya mgao kule kwetu huja usiku wa manane, yanaingia tenki la chini. Kutoka hapo lazima pampu iyasukume hadi simtanki la lita 5,000 lililokaa juu ya mnara wa zege. Simtanki lilipaswa kuwa na boya, lile linaloelea na kufunga mlango wa maji tenki likijaa. Boya lilikufa zamani. Bei ya boya haifiki bei ya kuku wa kienyeji, lakini bosi aliona kuna boya lingine ambalo tayari analilipa mshahara: mimi. Tenki lingekuwa chini, ningegonga ukuta wake nikajua maji yamefika wapi, kwa sababu penye maji mlio ni mzito na penye hewa unalia. Ila tenki liko juu, kwa hiyo lazima upande ukagonge huko huko, kwa ngazi ya mbao za kumwagia zege zilizopigiwa misumari na fundi aliyekuwa na haraka. Saa tisa usiku, tochi mdomoni, rungu kiunoni, nikakanyaga kipago cha tatu kutoka juu nacho kikaamua kustaafu.

Mlinzi wa nyumba ya jirani alisikia kishindo akadhani wezi. Alinipigia filimbi kwanza, ndipo akaja. Ndiye aliyenitia kwenye bajaji, na ndiye aliyekwenda kituoni kuchukua PF3, kwa sababu mtu akiletwa hospitali usiku, kavunjika na ana rungu, kila mmoja anataka kujua mwenzake yuko hali gani. Polisi walimuuliza nilipigana na nani. Akawajibu, na ngazi. Wakamuuliza tena.

Kitanda cha pili kuna mzee mmoja mstaafu, amevunjika nyonga bafuni, ambaye enzi zake alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilishakufa, mzee bado yuko kazini. Alikuwa ananisikia nikibonyeza na kuguna, akashindwa kuvumilia.

"Kijana, nisomee."

Nikamsomea.

"Hiyo ni salamu ya mgonjwa," akasema. "Unataka akuletee machungwa au unataka haki yako?"

Nikamwambia machungwa nayo si mabaya. Hakucheka. Akanipa somo nililopaswa kupewa siku naajiriwa, ila siku ile nilipewa rungu tu. Kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuuchangia. Mchango ni wake peke yake, haruhusiwi kuukata kwenye mshahara wangu. Mfanyakazi akiumia kazini, anamjulisha mwajiri mapema, na mwajiri akishajua ana siku 7 za kuupelekea Mfuko taarifa. Mwenye madai akikaa kimya hadi miezi 12 ipite tangu ajali, dai linakufa kifo cha kawaida.

"Sasa hao wa Mfuko," mzee akaendelea, "hawataki kujua unaumwa kiasi gani. Hilo ataandika daktari. Kwako wanataka kujua kama ajali imetokana na kazi na imetokea kazini. Wewe ni mlinzi. Mlinzi anafanya nini juu ya tenki?"

Hapo ndipo nilipoona shimo. Mkataba wangu ni wa mdomo, na hata huo wa mdomo ulisema kulinda. Bosi akiamua kuwa mwerevu atasema hakunituma, nilipanda kwa starehe zangu kutazama mji.

"Alikutuma kwa mdomo?" mzee akauliza.

Bosi wangu ana tabia moja. Habari za pesa hupiga simu, hataki zibaki mahali. Lakini habari za maji, kwa kuwa zinakuja saa ambazo amelala na mkewe hataki kelele, huandika. Nikafungua meseji zilizopokelewa. Zimepangana: "Maji yametoka? Washa pampu." "Umeangalia juu? Yasimwagike." "Panda uangalie, usibahatishe."

Mzee akajiinua kwenye mto kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Usifute hata moja!"

Kusema ni rahisi. Kitochi changu kikijaa hakihifadhi rasimu, kinaandika tu kuwa nafasi imejaa na kunipa uhuru wa kuchagua cha kufuta. Tukapitia pamoja. Zikaenda za bahati nasibu, zikaenda za kampuni ya simu inayoniuliza kwa nini nimeinyamazia, ikaenda ya shemeji anayedai elfu ishirini, hiyo niliifuta kwa moyo mkunjufu. Za maji zote zikabaki.

Nikamuuliza mzee kuhusu pesa, maana mke wangu akija jioni hataniuliza habari za sheria. Akasema nikishindwa kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara, na inaweza kwenda hadi miezi 24. Mimi nalipwa laki mbili, kwa hiyo ni laki moja na elfu arobaini kwa mwezi, na matibabu yake mbali. "Tatizo," akasema, "ni mshahara upi bosi ameuandika huko. Unasaini wapi ukilipwa?" Sisaini popote. Nalipwa dirishani kwenye gari, injini ikiwa inanguruma.

Akanitia uchungu zaidi aliponiambia kuwa kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, na kila saa ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya dawa: laki mbili gawanya kwa wiki 4.333 za mwezi, gawanya kwa saa 45 za wiki, inapatikana kama shilingi 1,026 kwa saa, na asilimia 5 yake ni shilingi 51. Shilingi 51! Haitoshi hata andazi. Lakini saa 10 kwa usiku, usiku 26 kwa mwezi, ni zaidi ya elfu kumi na tatu ambazo sijawahi kuziona zikikatiza. Nikataka niziingize kwenye meseji hapo hapo. Mzee akanikataza. Ukichanganya ajali na madai ya zamani, akasema, bosi atasoma madai tu, na ajali itaonekana umeileta kusindikiza.

Tukarudi kwenye meseji. Mzee anasema, mimi nabonyeza. Tarehe. Saa. Mahali. Kazi niliyokuwa naifanya na nani kaniagiza. Kilichovunjika. Nani alishuhudia. Hakuna "samahani", hakuna "kwa bahati mbaya", wala "najua utakasirika". Mimi niling'ang'ania shikamoo ibaki. Tukabishana, ikabaki.

Kabla sijatuma, simu ikalia tingi. Bosi mwenyewe, kutoka Dodoma: "Wapangaji wamenipigia. Tenki limefurika hadi kwa jirani. Uko wapi wewe? Hiyo bili utailipa."

Yaani wapangaji wote wameliona lile dimbwi, wakaruka, wakapita kwenye kofia yangu na tochi bado inawaka, na taarifa waliyoitoa ni ya maji.

Damu ikanipanda. Nikaanza kubonyeza jibu ambalo lisingehitaji herufi 160. Mzee akanishika mkono. "Tulia. Muulize tenki lipi."

"Mzee, tenki lenyewe linajulikana."

"Muulize."

Nikaandika: "Shikamoo bosi. Tenki lipi?" Dakika haikupita. Mtu mwenye hasira huandika haraka, tena huandika yote: "Unaniuliza mimi? Hilo la juu ninalokutuma upande kila usiku, si unajua boya limekufa!!!"

Mzee akaomba simu. Akaisoma akiwa ameishikilia mbali, akairudia, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikatuma yetu, vipande viwili: "Shikamoo bosi. Leo saa 9 usiku nikiwa zamu nimeanguka toka ngazi ya tenki la juu nikikagua maji kama ulivyoniagiza kwa meseji. Nimevunjika mguu wa kulia, nimelazwa. Mlinzi wa jirani ameshuhudia, PF3 ipo. Naomba upeleke taarifa Mfuko wa Fidia ndani ya siku 7."

Simu ikaanza kuita. Haikuwa meseji sasa, ilikuwa inaita kabisa, jina lake likiwaka na kuzima kifuani kwangu. Muuguzi akageuka kutazama. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kijani, kwa mazoea ya miaka.

"Usipokee," mzee akasema, akijifunika shuka. "Mwache aandike."