Uliza Shangazi: Punguzo Limetoka kwa Kihispania

*Shangazi, pokea salamu kutoka Makongeni, Thika. Nina hoteli ndogo yenye viti 16. Zamani nilikuwa nafungua saa mbili asubuhi, lakini nimeamua kuwahi wale wanaoingia viwandani mapema. Nilimwomba mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, aandike tangazo la saa mpya na la punguzo la chakula cha mchana. Akaweka hili kwenye Facebook:*

```
¡Nuevo horario! De lunes a sábado, de 6:30 a 20:00.
Almuerzo con 20 % de descuento, de 12:00 a 14:00.
```

*Anasema ni Kihispania, alikiokota kwenye kandanda ya Uhispania, na kwamba kinaipa hoteli hadhi. Mteja wangu wa miaka mingi ameniuliza kama nimeuza biashara. Sahani ya ugali, nyama na sukuma nauza 200. Nikijumlisha nyama, unga, mboga na makaa, inanigharimu 140. Mchana nauza sahani 40 hivi. Nimtimue huyu kijana?*
Mwenye Sufuria, Makongeni

Dada, usimtimue. Kihispania chake hakina kasoro. Tangazo linasema mnafungua Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili u nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, na kwamba chakula cha mchana kina punguzo la asilimia 20 kuanzia saa sita hadi saa nane. Hata ile alama ya mshangao iliyosimama kichwa chini ameikumbuka, jambo ambalo wahitimu wengi wa lugha hiyo husahau.

Shida ni nani atalisoma. Katika Afrika, nchi ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi ni Gine ya Ikweta, na sijasikia matatu ya kutoka Malabo inayoshusha abiria Makongeni. Tuseme basi Mhispania mmoja amepotea njia akienda kutazama maporomoko ya Chania, akaliona tangazo lako. Kwao watu wengi hula chakula cha mchana kati ya saa nane na saa kumi. Punguzo lako linakwisha wakati yeye ndiyo kwanza anaanza kuulizia meza.

Lakini Kihispania kitafutika kwa kidole kimoja. Kinachonitia hofu ni hiyo asilimia 20, maana hata ingeandikwa kwa Kikikuyu ingekuumiza vilevile. Wewe unaiona kama sehemu moja ya tano ya bei, jambo dogo. Ila bei siyo yako yote. Katika ile 200, 140 ni ya mwenye bucha, ya duka la unga, ya mama mboga na ya muuza makaa, nao hawajakupunguzia hata ndururu. Chako ni 60. Ukiondoa 40 ya punguzo, unabaki na 20. Umempa mteja sehemu moja ya tano ya bei, kumbe umetoa theluthi mbili za faida.

Sahani 40 zilikuwa zinakuachia 2,400. Kwa faida ya 20, unahitaji sahani 120 ili urudi pale pale ulipokuwa kabla ya kuchangamka. Na unahitaji kuziuza ndani ya saa mbili, kwenye viti 16. Maana yake kila kiti kipokee watu saba au wanane, kila mmoja aketi, aletewe, ale, alipe na kuondoka kwa robo saa. Nyama ya kutafuna hairuhusu mwendo huo, na sidhani meko yako yanaruhusu.

Halafu kuna swali ambalo wenye hoteli husahau kujiuliza: punguzo linamleta nani? Wafanyakazi wa viwandani wakitoka kwa mapumziko saa saba, watakula kwako hata kwa 200, kwa sababu uko karibu na muda wao ni mfupi. Hao unawapa 40 bure. Kama lazima upunguze bei, punguza saa nane hadi saa kumi, wakati viti vinapumzika na chakula kilichobaki kinapoa kwenye sufuria. Sahani ambayo ingelala hadi kesho inaweza kuuzwa 160 bila kukuliza.

Kama unataka kitu cha saa ya mchana, usiguse bei. Ongeza chapati moja. Tuseme unaiuza 20, nayo inakugharimu 12 hivi. Mteja anahesabu amepata cha 20, wewe umetoa 12, unabaki na 48 kwa sahani. Hapo sahani 50 zinakurudishia ile 2,400. Kumi za ziada zinawezekana, 80 za ziada ni ndoto. Ipe muda wa wiki mbili, uandike kila jioni sahani ngapi zimeuzwa. Ukiona hazijafika 50, rudisha chapati yako kwenye sinia.

Na asije mtu akakushauri upandishe sahani hadi 250 ili ukikata asilimia 20 irudi 200. Hesabu inakubali, lakini Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumtangazia mteja nafuu ya bei ambayo haipo. Tena watu wa Makongeni wanajua bei ya ugali wako kuliko unavyoijua wewe.

*Shangazi, mimi ni askari wa usiku. Mtu alinitafsiria tangazo la hoteli fulani kwa simu, likasema chakula kina punguzo "saa 12 hadi saa 14". Nilifika saa kumi na mbili jioni kabla ya kuingia kazini, nikadaiwa bei kamili. Je, nimeonewa?*
Mlinzi wa Geti

Ndugu yangu, hujaonewa na mtu, umeonewa na simu. Iligeuza maneno ikasahau kugeuza saa. Kwa Kiswahili saa 12 ni ile jua linapochomoza na ile linapotua, na saa 14 haimo kwenye hesabu yetu kabisa. Iliyokusudiwa ni saa sita mchana hadi saa nane. Ukiona saa yoyote iliyozidi 12, jua ni ya kigeni: ondoa sita, na ikizidi 18 ondoa kumi na nane. Hivyo 14 ni saa nane, na 20 ni saa mbili usiku. Mwenye hoteli hana deni kwako, ila kwa hekima yake akupe chai.

*Shangazi, mimi ndiye mpwa. Nimekubali kuandika upya, lakini sijui niweke nini.*
Mchezaji wa Akiba

Andika hivi, mwanangu: "Kuanzia Jumatatu ijayo, tunafungua saa kumi na mbili u nusu asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili tumefunga. Ugali, nyama na sukuma ni 200, pamoja na chapati moja bure, saa sita hadi saa nane mchana, kwa wiki mbili." Kisha weka tarehe kamili ya hiyo Jumatatu na ya siku ya mwisho, kwa sababu watu watalituma tangazo hata mwezi ujao, na kila anayelipokea ana "Jumatatu ijayo" yake. Taja pia mahali: jina la barabara na kitu kinachoonekana kando ya mlango.

Liweke kwenye Facebook na kwenye Status ya WhatsApp, lakini ya Status hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo uirudie kila asubuhi. Na usiku wa kuamkia hiyo Jumatatu, kabla hujalala, ingia kwenye ukurasa wa hoteli wa Facebook, na kwenye Google Maps kama ipo huko, ubadilishe saa za kufungua kwa mkono. Tangazo halizigusi. Usipozibadilisha, zitaendelea kumwambia mteja wa alfajiri kwamba shangazi yako anafungua saa mbili.