Fomu Foo kwa Kiitaliano

Barua rasmi ya kuomba kazi nchini Tanzania huanza na anwani ya mwombaji juu kulia, zikafuata tarehe na anwani ya mwajiri, kisha mstari wa YAH uliopigiwa kistari, na baada ya hapo sentensi ambayo hakuna mwombaji aliyewahi kuitunga wala aliyethubutu kuiacha, nayo ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Msomaji wa Kiswahili huipita kama anavyopita tuta la barabarani alilolizoea, lakini ikipelekwa Kiitaliano neno kwa neno huzaa "testa della notizia", na kwa kuwa "testa" ni kichwa kile chenye masikio, mwajiri hujikuta anaombwa ahusike na kichwa cha mtu kilichowekwa juu ya karatasi.

Hilo ndilo lililompata mwombaji mmoja wa Ndalambo, ambaye mwandishi wa makala haya anamfahamu kuliko anavyopenda kukiri, aliyetaka kazi ya kuvuna zabibu Italia na akapeleka barua na wasifu wake, yaani yale maelezo ya elimu na kazi ambayo wengi huyaita sivii, kwenye steshenari moja ya Tunduma. Kijana wa hapo alikuwa na kamusi ya mfukoni ya Kiingereza na Kiitaliano, hivyo kila neno lilivuka mipaka miwili kabla ya kufika, na alipoulizwa kama ana hakika alijibu, "Kaka, Kiitaliano si kigumu, kila neno linaishia na irabu kama letu." Mwishoni mwa barua, "Wako katika ujenzi wa taifa" ikawa "nella costruzione della nazione", na mvuna zabibu akageuka fundi ujenzi. Mwitaliano huandika "Oggetto" mahali pa YAH, kisha huingia moja kwa moja kwenye shida yake, na hufunga kwa "Distinti saluti", yaani salamu za heshima, bila kulihusisha taifa.

Palipokuwa pagumu zaidi ni kwenye elimu. Neno la Kiingereza tulilolitohoa katika Fomu Foo, yaani kidato cha nne, ndilo hilo hilo la karatasi ya kujaza, na kamusi ikachagua karatasi, ikatoa "Modulo Quattro", kana kwamba masomo ya mwombaji yalikuwa ni kujaza fomu namba nne, mfano wa zile za kwenye dirisha la uhamiaji kabla ya kuvuka kwenda Nakonde. Kijana, alipoona haikai vizuri, alifuta akaandika "diploma", na hapo kosa la kuchekesha likawa kosa la hatari, kwa sababu hapa kwetu diploma ni stashahada ya chuo, ilhali kwa Mwitaliano ni cheti cha kumaliza sekondari ya juu baada ya miaka 13 ya shule, ikiwa ni 5 ya msingi, 3 ya kati na 5 ya juu. Mwombaji alikuwa na miaka 11 tu, 7 ya msingi na 4 ya sekondari, kwa hiyo alijipa miaka 2 ambayo hakuisoma. Na mwenye stashahada halisi akitumia neno hilo hilo hujishusha hadi sekondari. Iliyo salama ni kuacha jina la cheti kama lilivyo, na pembeni kuandika "11 anni di scuola".

Leseni ya udereva nayo iliandikwa "licenza", neno ambalo Mwitaliano akilikuta kwenye wasifu hufikiria cheti cha shule ya kati, maana leseni ya kuendeshea gari yeye huiita "patente". Hata kama neno lingekuwa sahihi, herufi ingemponza: Daraja D la Tanzania ni la gari dogo la kawaida, ila Ulaya D ni la basi, yaani gari la abiria zaidi ya 8 mbali na dereva. Mtu aliyezoea kuendesha pikapu ya kubebea ufuta akawa dereva wa basi, tena pasipo kufanya mtihani.

Mwisho wa wasifu huwa na wadhamini, watu wanaoweza kuulizwa habari za mwombaji, ambao Wabongo huwaita marefa na Waitaliano huwaita "referenze". Kamusi haikusita, ikaandika "arbitri", wale wa filimbi na kadi nyekundu, na chini yake wakapangwa mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu mstaafu na katekista. Jibu la mwenye shamba lilikuja baada ya majuma matatu, fupi na lenye adabu, likiuliza kama marefa hao watatu wangejilipia nauli wenyewe, na kama mwombaji angekuja na basi lake.