Chenji ya Mama Katika Usemi wa Taarifa

Usemi halisi ni maneno ya msemaji yanayonukuliwa kama yalivyotoka kinywani mwake na kufungiwa ndani ya alama za usemi, ilhali usemi wa taarifa ni maneno yayo hayo yanaposimuliwa na mtu mwingine baadaye, bila alama hizo. Vitabu vingi vya shule za sekondari nchini Kenya huutambulisha ugeuzaji huu kwa jedwali la safu mbili, ambamo "leo" huwa "siku hiyo", "kesho" huwa "siku iliyofuata", "huyu" huwa "huyo" na kiambishi "-ta-" huwa "-nge-". Jedwali hilo lina manufaa yake, hasa kwa mtahiniwa anayetafuta alama mbili za haraka, lakini mwalimu anayepanga kipindi kizima akilitegemea peke yake hugundua mapema kwamba wanafunzi wanaweza kubadilisha kila neno ipasavyo na bado wakamfanya utingo wa matatu kuwa mtoto wa kumzaa wa abiria wake.

Mpango bora zaidi huanza na mazungumzo mafupi yenye watu watatu, kwa kuwa wawili hawaleti mkanganyiko wa kutosha na wanne humaliza muda wa kipindi, ambao kwa kawaida ni dakika 40. Mazungumzo ya ndani ya matatu hufaa sana, kwani kila mwanafunzi amewahi kuyasikia na hakuna anayehitaji kuelezwa muktadha. Mfano ufuatao unatosha:

1. Utingo: "Mama, songa mbele, kuna nafasi ya mtu mmoja!"
2. Mama: "Nisonge wapi? Nikae juu ya dereva?"
3. Mzee: "Vijana wa leo hamna adabu!"
4. Utingo: "Nauli, tafadhali."
5. Mama: "Si nimekupa mia mbili sasa hivi?"
6. Utingo: "Chenji yako nitakupa hapo mbele."
7. Mama: "Nitashuka kwenye kituo hiki. Nipe chenji yangu!"
8. Mzee: "Lo! Huyu ndiye aliyenidhulumu jana."
9. Utingo: "Mzee, jana sikuwa kazini."
10. Mama: "Shukisha!"

Mazungumzo haya huandikwa kwenye karatasi, yakakatwa vipande na kutiwa ndani ya bahasha, bahasha moja kwa kila kikundi cha wanafunzi watano. Namba za mpangilio sharti ziandikwe nyuma ya kila kipande kabla ya mkasi kushikwa, kwani madirisha ya madarasa mengi hayana desturi ya kufungika, na upepo ukiingia kabla ya namba kuandikwa, mama hushuka kwanza, hudai chenji akiwa barabarani, kisha huombwa asonge mbele. Wanafunzi huupokea mpangilio huo bila pingamizi, wakieleza kwamba matatu wanazopanda wao huendeshwa hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza darasani ni uainishaji, yaani kupanga vipande katika mafungu kulingana na kazi ambayo kila usemi unafanya. Mafungu manne yanatosha: maelezo, maswali, amri pamoja na maombi, na mihemko kama "Lo!". Hapa ndipo mkasi huhitajika kwa mara ya pili, kwa sababu mstari mmoja wa mazungumzo si lazima uwe usemi mmoja. Mstari wa kwanza una wito ("Mama"), amri ("songa mbele") na maelezo ("kuna nafasi"), na mwanafunzi anayelazimishwa kuutia katika fungu moja huishia kuuficha chini ya daftari hadi kengele ilie.

Kigezo cha kuainisha kisiwe alama ya uakifishaji iliyo mwishoni mwa sentensi, bali swali moja analojiuliza mwanafunzi: msemaji anataka msikilizaji afanye nini baada ya kumsikia? Akitaka ajibiwe, hilo ni swali; akitaka tendo litendeke, hiyo ni amri au ombi; akitaka aaminiwe, hayo ni maelezo; na asipotaka lolote ila kuutua mzigo wa moyo, huo ni mhemko. Kwa kigezo hiki "Nauli, tafadhali", ambayo haina hata kitenzi kimoja, hutua moja kwa moja katika fungu la maombi, wala hakuna haja ya kujadili kiima chake.

Mtihani mkali wa kigezo hiki ni mstari wa pili na wa tano, ambayo yote ina alama ya kiulizi lakini haihitaji jibu. Maswali ya namna hii huitwa maswali ya balagha, maana yake maswali yanayoulizwa ili kusisitiza jambo ambalo msemaji tayari analijua. Mwanafunzi aliyeongozwa na kiulizi peke yake huandika kwamba mama alitaka kujua iwapo angekaa juu ya dereva, sentensi ambayo haina kosa lolote la sarufi, ila inamwonyesha mama akisubiri ruhusa kwa unyenyekevu. Vivyo hivyo, "Si nimekupa mia mbili sasa hivi?" ikigeuzwa kuwa "mama aliuliza iwapo hakuwa amempa utingo shilingi mia mbili", mama huyo huonekana amesahau na anaomba kukumbushwa, jambo ambalo utingo angelifurahia sana. Vipande hivi viwili vikihamishiwa fungu la maelezo, vitenzi vinavyofaa hujitokeza vyenyewe: mama alilalamika kwamba hapakuwa na mahali pa kusonga, na mama alimkumbusha utingo kwamba alikuwa amempa shilingi mia mbili muda mfupi uliopita.

Hatua ya pili ni ugeuzaji, na ni hapa ambapo jedwali huruhusiwa kuingia, chini ya ulinzi. Kanuni ya "leo" kuwa "siku hiyo" inafanya kazi pale "leo" inapotaja siku halisi ya mazungumzo, lakini katika "vijana wa leo" neno hilo linataja zama, wala si siku. Mwanafunzi mtiifu huandika kwamba mzee alisema vijana wa siku hiyo hawakuwa na adabu, na msomaji huachwa na matumaini kwamba adabu ilirejea asubuhi iliyofuata. Geuzo linalofaa ni "vijana wa wakati huo", au, bora zaidi, kwamba mzee aliwalaumu vijana kwa kukosa adabu.

Kiambishi "-nge-" nacho kina mitego yake. Katika usemi wa taarifa huashiria jambo lililokuwa bado halijatokea wakati wa kusema, lakini umbo hilo hilo ndilo linalotumika katika sentensi za masharti, ambapo jambo halikutokea kwa sababu sharti lake halikutimizwa. Kwa hiyo "utingo alisema kuwa angempa chenji yake mbele" humfanya msomaji angoje neno "kama" linaloonekana kukaribia, na kwa bahati mbaya katika suala la chenji usomaji huo wa pili huenda ukawa ndio wenye ukweli zaidi. Njia ya kuondoa utata ni kuchagua kitenzi cha kuripoti ambacho tayari kinabeba wakati ujao, kama vile "kuahidi": utingo aliahidi kumpa chenji yake mbele ya safari. Ahadi imerekodiwa, "-nge-" imepumzika, na utekelezaji unabaki kuwa juu ya dhamiri ya utingo.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, haliko katika jedwali lolote. Usemi halisi hutumia nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa hiyo "mimi", "wewe" na "yeye" hutenganishwa na viambishi. Usemi wa taarifa huzisukuma zote katika nafsi ya tatu, ambayo kiambishi chake "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke, mzee na kijana, mdai na mdaiwa. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Alimwambia ampe chenji yake kwa kuwa angeshuka, akasema kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu siku iliyotangulia." Matatu nzima imo ndani ya sentensi hiyo na hakuna anayejulikana. Dawa yake ni nomino: kila msemaji anapobadilika, jina lake la kazi au la umri lirudishwe, hata kama linaonekana kujirudia.

Wito nao hudai uangalifu wa aina hiyo hiyo. "Mama" wa mstari wa kwanza ni heshima anayopewa mwanamke mtu mzima, lakini ukigeuzwa kwa mazoea ya kuongeza "yake" huzaa "utingo alimwambia mama yake asonge mbele", na kuanzia hapo hadithi yote hugeuka kuwa ugomvi wa kifamilia kuhusu shilingi mia mbili.

Hatua ya tatu ni uandishi upya, yaani kuziunganisha sentensi zilizogeuzwa ili ziwe masimulizi na si orodha ya "alisema kuwa" kumi zilizofuatana. Kanuni ni kwamba msimulizi anaweza kuunganisha, kufupisha na kutambulisha wahusika, ila haruhusiwi kuongeza tukio. Kanuni hii husaidia kuwazuia wanaotaka kumleta askari wa trafiki katika aya ya pili. Sehemu ya kati ya masimulizi huweza kuwa hivi:

Utingo alipoomba nauli, mama alimkumbusha kwamba alikuwa amempa shilingi mia mbili muda mfupi uliopita. Utingo aliahidi kumpa chenji yake mbele ya safari, lakini mama akamweleza kuwa angeshuka katika kituo hicho, akamtaka ampe chenji papo hapo. Mzee alishangaa, akadai kwamba utingo huyo ndiye aliyemdhulumu siku iliyotangulia, naye utingo akajitetea kuwa siku hiyo hakuwa kazini.

Mgawanyo wa muda unaofaa ni dakika 5 za kuigiza mazungumzo, 10 za kuainisha, 10 za kugeuza, 10 za kuandika upya na 5 za upimaji. Uigizaji usizidishiwe muda, kwani anayepewa nafasi ya utingo huwa hataki kuirudisha.

Upimaji wenyewe haumhitaji mwalimu kuhesabu viambishi. Kila kikundi hupewa masimulizi ya kikundi kingine, kisha hutakiwa kuyarudisha katika usemi halisi bila kuona vipande vya mwanzo. Maneno yakirudi kwa namna tofauti kidogo si kosa, kwa sababu usemi wa taarifa hauhifadhi kila neno. Lakini mama akishuka akiwa ndiye anayedaiwa na utingo, au mzee akiungama kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu kijana huyo jana, inajulikana wazi kwamba nomino fulani ilidondoshwa njiani, na kikundi kilichoandika masimulizi hayo kina jukumu la kuitafuta, pamoja na chenji.